Tuagize Simiti Mifuko Mingapi, na Lini?

(Mazungumzo na wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia vyenye maduka ya vifaa vya ujenzi)



Leo tumekuja na jambo moja tu. Vikundi kadhaa sasa vina duka la vifaa vya ujenzi, au hadiwea kama wengi wanavyoita. Ndani ya duka kuna misumari, mabati, waya, rangi na simiti. Katika kila duka tulilotembelea, swali ni lile lile. Mkutano unakaa, na mmoja anasema, "Tununue nyingi mara moja, lori ni ghali." Mwingine anajibu, "Hapana, tununue kidogo kidogo, pesa ni za mkopo." Wote wawili wana haki. Na kwa sababu wote wana haki, mabishano hayaishi mpaka mtu alete hesabu.

Basi tulete hesabu. Tutachukua simiti peke yake, kwa sababu ndiyo inayobeba pesa nyingi na ndiyo inayoharibika. Mkishaielewa kwa simiti, mtaifanya wenyewe kwa mabati.

Duka letu la mfano

Tuchukue duka linalouza mifuko 4 ya simiti kwa siku. Linafunguliwa siku 300 kwa mwaka, ukiondoa Jumapili na sikukuu. Kwa hiyo mauzo ya mwaka ni mifuko 1,200. Bei kwa msambazaji mjini ni shilingi 750 kwa mfuko wa kilo 50, na duka linauza kwa 850. Bei hizi ni za mfano. Mkifika nyumbani, wekeni zenu.

Ukitazama haraka utasema faida ni shilingi 100 kwa kila mfuko. Lakini hizo 100 bado hazijalipa lori, wala riba, wala stoo. Swali letu ni hili: katika hizo 100, ngapi zinabaki kwa kikundi? Jibu linategemea sana mnaagiza mifuko mingapi kwa mara moja.

Gharama za aina mbili zinazovutana

Gharama ya kwanza ni ya kuagiza. Kila mara tunapoagiza, kuna pesa zinazotoka bila kujali tumeleta mifuko mingapi. Kukodi lori la tani 10 ni shilingi 3,000 kwa safari, likibeba mifuko 50 au likijaa mifuko 200. Nauli na chakula cha katibu ni 600. Simu na malipo ya benki ni 150. Jumla ni 3,750 kwa kila oda.

Hapa tuwe waangalifu. Wapakiaji wanaolipwa kwa kila mfuko hawaingii katika hesabu hii. Mifuko 1,200 kwa mwaka italipiwa kupakia vile vile, ukiileta kwa safari 6 au 24. Pia kama msambazaji wenu analeta mzigo mwenyewe na kutoza usafiri kwa kila mfuko, hiyo ni sehemu ya bei ya mfuko, si gharama ya oda. Tumeona vikundi vikichanganya mambo haya na kupata jibu la kupotosha.

Gharama ya pili ni ya kuweka. Mfuko ukikaa stoo, unakula pesa kimya kimya. Kwanza, kuna riba. Mkopo wa asilimia moja na nusu kwa mwezi ni asilimia 18 kwa mwaka, na 18 katika kila mia ya 750 ni shilingi 135. Pili, kuna stoo. Tukiikodi kwa 800 kwa mwezi, ni 9,600 kwa mwaka, na ikiwa inatosha mifuko 240, basi nafasi ya mfuko mmoja ni shilingi 40. Tatu, kuna mifuko inayopasuka na inayoganda. Tukadirie shilingi 50. Jumla ni 225 kwa mfuko mmoja kukaa mwaka mzima.

Mtu atasema, "Sisi hatukukopa, ni michango yetu." Sawa, lakini michango hiyo ingeweza kukopeshwa wanachama na kuleta riba. Pesa iliyolala ndani ya simiti haifanyi kazi nyingine. Lakini kama stoo ni ya kikundi na haina kazi nyingine, ondoeni zile shilingi 40, maana hamlipi chochote zaidi mifuko ikiongezeka.

Sasa tuone mvutano wenyewe. Ukiagiza kidogo, unalipa lori mara nyingi. Ukiagiza nyingi, unalipa riba na stoo zaidi. Mahali fulani katikati pana nafuu.

Tuhesabu pamoja

Kabla ya kuhesabu, kumbukeni jambo moja. Ukileta mifuko 200, haikai yote mwaka mzima. Inaanza 200, inapungua kila siku 4, hadi inaisha. Kwa wastani stoo ina nusu yake, yaani 100. Kwa hiyo gharama ya kuweka tunaihesabu kwa nusu ya oda.

Tuanze na wale wanaoagiza mifuko 50. Mifuko 1,200 kwa 50 ni safari 24. Mara 3,750, ni shilingi 90,000. Nusu ya 50 ni 25, mara 225 ni 5,625. Jumla ni 95,625 kwa mwaka.

Wanaoagiza 100 wanakwenda mara 12: shilingi 45,000. Kuweka ni 50 mara 225, yaani 11,250. Jumla ni 56,250.

Wanaoagiza 200 wanakwenda mara 6: shilingi 22,500. Kuweka ni 100 mara 225, nayo pia ni 22,500. Jumla ni 45,000.

Na wanaoagiza 400? Wanaagiza mara 3, lakini lori la tani 10 halibebi zaidi ya mifuko 200, kwa hiyo kila oda ni safari mbili za lori. Hiyo ni 6,750 kwa oda, yaani 20,250 kwa mwaka. Kuweka ni 200 mara 225, yaani 45,000. Jumla inapanda tena hadi 65,250.

Mmeona nafuu iko wapi? Iko kwenye 200, pale ambapo gharama ya kuagiza na gharama ya kuweka zimelingana, 22,500 kwa 22,500. Hiyo ndiyo alama ya kuitafuta. Kama ya kuagiza ni kubwa kuliko ya kuweka, ongezeni oda. Kama ya kuweka ni kubwa, punguzeni. Mwanafunzi wa darasa la nane anaweza kuwafanyia kwa karatasi.

Wenye kutaka njia ya mkato, ipo. Mhandisi Mmarekani, Ford Harris, aliiandika mwaka 1913. Chukua mauzo ya mwaka, zidisha kwa 2, zidisha kwa gharama ya oda moja, gawanya kwa gharama ya kuweka mfuko mmoja mwaka mzima, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwetu ni hivi:

2 × 1,200 × 3,750 ÷ 225 = 40,000

Kipeuo cha pili cha 40,000 ni 200, maana 200 mara 200 ni 40,000. Jibu ni lile lile.

Sasa turudi kwenye zile shilingi 100. Anayeagiza 50 anatumia karibu shilingi 80 kwa kila mfuko kwa lori, riba na stoo. Kikundi kinabaki na 20. Anayeagiza 200 anatumia 37 na nusu, na anabaki na 62 na nusu. Duka ni lile lile, wateja ni wale wale, bei ni ile ile. Kama duka lenu linauza kila siku na mwisho wa mwaka hakuna cha kugawana, angalieni hapa kabla ya kumshuku mwuzaji kwamba anaiba.

Msiogope kama hamwezi kufika 200 kamili. Mkiagiza 150, mtakwenda mara 8, na jumla itakuwa 46,875. Hiyo ni 1,875 tu zaidi kwa mwaka mzima. Karibu na kiasi cha nafuu, kukosea kidogo hakuumizi. Kinachoumiza ni kuwa mbali nacho, kama yule wa 50.

Na msambazaji akiwaambia, "Chukueni 400, nitapunguza shilingi 10 kwa mfuko," msikimbilie. Punguzo hilo kwa mwaka ni mara 1,200, yaani 12,000. Lakini gharama zenu zimepanda kutoka 45,000 hadi 65,250, yaani 20,250. Mmepata 12 na kupoteza 20. Tena mifuko 400 kwa mifuko 4 kwa siku ni siku 100 za kazi, karibu miezi minne. Simiti katika stoo nzuri ihesabiwe miezi mitatu. Baada ya hapo nguvu yake inapungua, hata kama haijaganda.

Lini tupige simu?

Sasa tumejua kiasi. Lakini vikundi vingi havianguki kwa kiasi, vinaanguka kwa siku. Vinangoja mpaka stoo iwe tupu ndipo vinamtafuta msambazaji. Naye anasema, "Kesho." Kesho yake inakuwa wiki.

Ucheleweshaji una sababu zake. Simiti inatoka viwandani, kama vile Athi River au Mombasa, inafika kwa msambazaji mjini, kisha inakuja kwenu. Mara msambazaji mwenyewe ameishiwa. Mara anangoja hundi yenu ipite benki. Mara mvua imekata barabara na mwenye lori hakubali kuja. Hatuwezi kuondoa haya yote. Tunachoweza ni kuyapima na kujiwekea akiba.

Kupima ni kazi ya katibu, na inahitaji mistari miwili tu katika daftari: siku tuliyoagiza, na siku mzigo ulipofika. Hesabuni siku za kazi katikati. Tuseme duka letu la mfano liliandika oda 10 zilizopita, na siku zilikuwa hizi: 4, 5, 5, 6, 5, 4, 12, 5, 6, 8. Zijumlishe, ni 60. Gawanya kwa 10, wastani ni siku 6.

Mtu wa haraka atasema, "Siku 6 mara mifuko 4 ni 24. Basi ikibaki mifuko 24, tuagize." Hapa ndipo penye mtego. Wastani ni wa siku za kawaida, lakini duka linakwama siku zisizo za kawaida. Oda ile ya siku 12 ingekuta simiti imeisha siku 6 kabla, na mifuko 24 haikuuzwa. Ile ya siku 8 ingetuacha siku 2, mifuko 8. Jumla ni mifuko 32 katika oda 10. Kwa kuwa tunaagiza mara 6 kwa mwaka, ni kama mifuko 19 kila mwaka inayokosa kuuzwa.

Tukitaka kujikinga na ule ucheleweshaji mrefu kabisa tuliouona, tunachukua siku 12 mara mifuko 4, yaani 48. Ikibaki mifuko 48, tunaagiza siku hiyo hiyo. Katika hiyo 48, mifuko 24 ni ya siku za kawaida, na 24 ni akiba ya ucheleweshaji.

Akiba nayo ina bei

Akiba si bure. Mifuko 24 inayokaa karibu mwaka mzima, kila mmoja 225, ni shilingi 5,400 kwa mwaka. Tunaokoa nini? Mifuko 19, faida ya shilingi 100 kila mmoja, ni 1,900. Kwa simiti peke yake, akiba hii hailipi! Tunawaambia ukweli huu kwa sababu wengine watawaambia mjaze stoo tu.

Lakini fundi haji kununua simiti peke yake. Anakuja na orodha. Akikosa simiti kwenu, anakwenda duka lingine, na huko ananunua pia misumari, waya ya kufungia na mabati. Mifuko 19 ni kama mafundi watano, kila mmoja mifuko 4 hivi. Pengo ni 5,400 toa 1,900, yaani 3,500. Gawanya kwa mafundi watano, ni 700. Kwa hiyo swali la kuuliza katika mkutano ni hili: fundi mmoja akiondoka na orodha yake, je, tunapoteza faida ya zaidi ya shilingi 700 kwa vitu vile vingine? Kama ndiyo, wekeni 48. Na kumbukeni kwamba fundi akizoea duka lingine, harudi kwa oda moja tu.

Kama wateja wenu wengi wananunua mfuko mmoja mmoja wa kukarabati, na hawachukui kitu kingine, mnaweza kuchukua siku 8 badala ya 12. Hiyo ni 32. Mnakubali kwamba mara moja moja mtaishiwa, na akiba inagharimu 1,800 tu. Huo pia ni uamuzi wa busara, mradi umeamuliwa na mkutano, si kwa bahati mbaya.

Namna ya kufanya dukani

Msitegemee kichwa cha mwuzaji. Tengeni rundo la mifuko 48, na mtundike kadi nyekundu juu yake. Mwuzaji auze kwanza rundo lile lingine. Siku anapogusa mfuko wa kwanza wa rundo lenye kadi, anampelekea katibu kadi hiyo, na katibu anapiga simu jioni ile ile. Mzigo mpya ukifika, mifuko ya zamani iliyobaki inauzwa kwanza, na kadi inatundikwa kwenye mifuko 48 ya mzigo mpya. Bila hivyo, rundo la akiba litazeeka na kuganda.

Angalieni pia kama stoo inatosha. Mzigo ukiwahi siku ya 4, mtakuwa bado na mifuko 32, na 200 inaingia. Hiyo ni 232. Stoo yetu ya 240 inatosha, lakini kwa shida. Mifuko ikae juu ya mbao, mbali na ukuta, isizidi 10 kwenda juu.

Mtajuaje kama namba 48 si sahihi tena? Kila mzigo unapofika, andikeni mifuko iliyobaki. Mzigo ukifika kwa siku 5, inapaswa kubaki 28 hivi. Mkiona mara tatu mfululizo imebaki chini ya 10, ama msambazaji amezidi kuchelewa, ama mauzo yamepanda. Hesabuni upya. Mkiona inabaki karibu 40 kila mara, punguzeni.

Mwisho, kuna mpaka wa hesabu hii. Inafaa pale mauzo yanapokuwa ya kufanana, kama mifuko 24 kwa wiki, wiki hii 22, ile 26. Kama daftari linaonyesha wiki moja 60 na nyingine 5, msiitumie hivi hivi. Na shule ikija kutaka mifuko 100 ya kujenga darasa, msitoe kwenye stoo ya kila siku. Chukueni malipo ya kwanza, muwaagizie mzigo wao peke yake. La sivyo mtawafurahisha walimu siku moja, na mafundi wenu wa kila siku watakuta mlango wazi na stoo tupu.

Kabla ya mkutano wenu ujao, tunaomba katibu aandike vitu vinne: mauzo ya simiti ya mwaka, gharama ya oda moja, gharama ya kuweka mfuko mmoja mwaka mzima, na siku za oda 10 zilizopita. Kama hazijaandikwa, anzeni na oda inayofuata. Mweka hazina ahesabu mbele ya wote, ili kila mwanachama aone namba zilikotoka.